Mita Haikusomwa, Ankara Imepanda: Aliyetoza na Aeleze

Lugha yetu ya mitaani imezaa neno ambalo wakubwa wa sekta ya maji hawalipendi hata kidogo, nalo ni «kubambikiza». Zamani neno hili lilitumika zaidi polisini, pale mtu alipopewa kesi isiyo yake. Leo limehamia kwenye ankara ya maji. Waziri wa Maji, Jumaa Aweso, ameonya mara nyingi hadharani kuhusu bili za kubambikizwa na kuzitaka mamlaka za maji zisome mita kwa kuwashirikisha wateja. Onyo ni jema. Hata hivyo, nina ugomvi na namna mjadala wenyewe unavyoendeshwa, kwa sababu kila upande umejichagulia jibu jepesi. Mwananchi anasema, «Nimeibiwa.» Ofisi inasema, «Umetumia.» Kati ya majibu hayo mawili kuna jambo la tatu ambalo halisemwi na yeyote, nalo ndilo chanzo cha ankara nyingi za kushangaza: hakuna aliyeiba, hakuna aliyetumia, na mita haikusomwa kabisa. Mtu alikadiria, kisha akanyamaza.

Hoja yangu leo ni kuhusu ukimya huo. Ninadai kwamba mamlaka ya maji inayotoza kwa makadirio bila kueleza makadirio hayo yalivyopatikana haijatoa ankara. Imetoa amri ya malipo. Ninadai pia kwamba maelezo ambayo kwa kawaida hutolewa dirishani ni mabaya si kwa sababu watoaji wake hawana adabu (wengi wanayo), bali kwa sababu hayahusiani na kilichotokea.

Ili tusipigane na kivuli, nimejenga nyumba ya mfano. Iweke Nyakato, juu kidogo ya barabara ya Musoma, upande ule ambako nyumba zimepanda mawe na maji huja kwa zamu. Ina watu wanane pamoja na mpangaji mmoja. Mama mwenye nyumba anauza sokoni tangu alfajiri, vijana wako shule, na geti hufungwa mchana kutwa. Nyumba hii ni ya kubuni, na bei nitakazotumia ni za mviringo ili msomaji afuate hesabu kwa urahisi. Si bei za mamlaka yoyote. Kanuni zilizomo ndani yake, hata hivyo, ndizo zinazotumika popote panapokuwa na makadirio ya wastani na bei za ngazi.

Tuanze na vipimo. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au ndoo hamsini za lita ishirini. Nyumba yetu hutumia uniti 12 kwa mwezi, ambazo ni takriban lita hamsini kwa kila mtu kwa siku. Hayo si matumizi ya anasa. Mwisho wa Januari mita ilisomeka 412. Mwisho wa Februari ilisomeka 424, na mwisho wa Machi 437. Yaani uniti 12, kisha 13. Aprili boya la tangi liliharibika, maji yakamwagika usiku kwa usiku hadi fundi alipokuja, na mita ikafika 469. Zilikuwa uniti 32. Ankara ilikuwa kubwa, mama akaguna, akalipa. Alijua kosa ni la boya lake.

Mwezi Mei msoma mita alikuta geti limefungwa. Vivyo hivyo Juni, vivyo hivyo Julai. Ofisi haiwezi kuacha mwezi upite bila ankara, kwa hiyo ilifanya linalofanywa na ofisi nyingi duniani: ilichukua wastani wa miezi mitatu iliyotangulia. Februari 12, Machi 13, Aprili 32. Jumla 57, gawanya kwa tatu, unapata 19. Ankara ya Mei ikatoka kwa uniti 19, na mita «ikasomeka» 488 kwenye karatasi.

Sasa angalia Juni. Miezi mitatu iliyotangulia ni Machi, Aprili na Mei. Lakini Mei haikusomwa. Ile 19 ni kisio. Mfumo haujali. Unajumlisha 13, 32 na 19, unagawanya, na kuandika 21. Julai unajumlisha 32, 19 na 21, unapata 24. Msomaji ameshaona kilichotokea: kisio limezaa kisio, na kila mtoto ni mkubwa kuliko mzazi wake. Mwezi mmoja wa boya bovu, uliokwisha kulipwa, umekaa ndani ya wastani na kuupandisha kwa miezi mitatu mfululizo, wakati Machi na Februari, miezi ya kawaida, imekuwa ikitolewa nje ya hesabu mmoja baada ya mwingine. Boya lilitengenezwa Aprili. Katika kompyuta bado linamwaga maji mwezi Julai.

Bei nazo zinazidisha. Tuseme uniti tano za kwanza ni shilingi 1,000 kila moja, kumi zinazofuata ni 1,500, na zote zinazozidi 15 ni 2,000. Ngazi za namna hii zimewekwa kwa nia njema: anayetumia kidogo alipe kidogo kwa uniti, anayejaza bwawa alipe zaidi. Kwa uniti 12 nyumba yetu hulipa 15,500. Kwa uniti 24 italipa 38,000. Tazama vizuri: uniti zimezidi mara mbili tu, ilhali fedha zimezidi karibu mara mbili na nusu. Kisio likikosea kwa uniti, ngazi za bei huligeuza kosa hilo kuwa kubwa zaidi kwa shilingi. Kwa miezi mitatu mama ametozwa 28,000, 32,000 na 38,000, jumla 98,000, kwa maji ambayo thamani yake halisi ni 46,500. Zimezidi 51,500. Na uniti 12 za ziada za Julai ni sawa na ndoo 600, ndoo ishirini kila siku. Muulize mama huyo ndoo ishirini za ziada kila siku amezificha wapi.

Mama anafunga meza yake sokoni, anakwenda dirishani. Anapata maelezo, na mara nyingi huwa mojawapo ya haya matatu.

La kwanza: «Mita haidanganyi, mama.» Kweli kabisa, haidanganyi. Ila haikuulizwa. Sentensi hii ingekuwa na maana endapo mtu angeitazama mita. Kuitumia kutetea makadirio ni sawa na kumtaja shahidi ambaye hakufika mahakamani na kisha kudai kwamba ushahidi wake ni mzito.

La pili: «Kagua uvujaji ndani ya nyumba yako.» Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa linaonekana kama msaada. Tafakari kidogo. Bomba linalovuja huzungusha mita, na mita iliyozunguka huonekana pale tu inaposomwa. Ankara ya makadirio haiwezi kuonyesha uvujaji wa mwezi huo hata kama nyumba nzima ingekuwa inaelea. Kumwambia mtu aliyekadiriwa akatafute uvujaji ni kumpa jibu ambalo kimantiki haliwezekani, na ni kumtwisha gharama ya fundi wa kuchimbua sakafu kutafuta kosa lililo ofisini. Ushauri wa uvujaji ni mzuri mahali pake, yaani pale usomaji wa kweli unapokuwa mkubwa. Hapo funga mabomba yote, tazama kile kinyota au pembetatu ndogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka hali kila bomba limefungwa, maji yanatoroka. Lakini swali la kwanza, kabla ya kinyota chochote, ni hili: namba iliyo kwenye ankara ilitoka kwenye mita au ilitoka kwenye wastani?

La tatu: «Ni wastani tu, lipa kwanza, itajirekebisha yenyewe mita ikisomwa.» Katika haya matatu, hili ndilo lenye ukweli zaidi, na ndilo lenye hatari zaidi. Litazamwe kwa makini, maana hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea bila mtu kuziona.

Tuseme mwisho wa Agosti msoma mita anamkuta kijana nyumbani. Mita inasomeka 517. Karatasi ya Julai ilisema 533. Mita, machoni pa mfumo, imerudi nyuma uniti 16. Mifumo mingi ya ankara huliona jambo hili kama hitilafu ya usomaji, na mfanyakazi asiye makini anaweza kuikataa 517 iliyo ya kweli na kuendelea kukadiria. Tuchukulie ofisi yetu ni makini. Inakubali 517, inatoza sifuri Agosti, na kumwambia mama asubiri mita iifikie 533. Septemba inafika 529, anatozwa sifuri tena. Oktoba inafika 541, anatozwa uniti 8 zilizozidi, shilingi 9,500. Imejirekebisha, siyo? Uniti zimelingana hadi ya mwisho. Kila mtu anatabasamu.

Hesabu sasa fedha. Tangu Mei hadi Oktoba mama amelipa 98,000 na 9,500, jumla 107,500. Maji aliyotumia ni kutoka 469 hadi 541, uniti 72, ambazo ni 12 kwa kila mwezi wa miezi sita. Kwa bei ileile, miezi sita ya uniti 12 ni 93,000. Zimepotea 14,500. Zimekwenda wapi? Uniti alirudishiwa zote, lakini bei hakurudishiwa. Sehemu kubwa ya uniti zilizokadiriwa kupita kiasi alizilipia katika ngazi ya juu, kwa 2,000. Aliporudishiwa kwa njia ya miezi ya sifuri, alinyimwa uniti za ngazi ya chini, zile za 1,000 na 1,500, ambazo ni haki yake kila mwezi. Ameuziwa kwa bei ya juu, amerudishiwa kwa bei ya chini. Hakuna mwizi hapa. Kuna kanuni tu ambayo hakuna aliyeikagua, na ofisa wa dirishani aliyesema «itajirekebisha» alikuwa anaamini kabisa alichosema.

Namna sahihi ni nyingine. Ankara za Mei, Juni na Julai zifutwe. Uniti za kati ya usomaji wa kweli wa Aprili na ule wa Agosti, yaani 48, zigawanywe kwa miezi minne, na kila mwezi upewe ngazi zake za bei upya. Inatoka 15,500 mara nne, 62,000. Mama alishalipa 98,000. Ana salio la 36,000. Kanuni hii hii inamlinda pia yule ambaye makadirio yake yalikuwa madogo. Chukua nyumba hiyo hiyo, ikadirie uniti 6 kwa miezi mitatu, kisha isome Agosti: uniti 30 zinaangukia mwezi mmoja, nusu yake katika ngazi ya juu. Italipa 69,500 kwa miezi minne badala ya 62,000. Katika hali hii mama anadaiwa kweli, na hana budi kulipa maji aliyotumia. Asichodaiwa ni zile 7,500 za ngazi ambayo asingeifikia kama mita ingesomwa kila mwezi. Mwananchi anayepiga kelele kwamba ankara nzima ni wizi anakosea, na ofisi inayodai ankara nzima ni halali inakosea vilevile. Maelezo mazuri ndiyo yanayotenganisha sehemu hizi mbili.

Maelezo mazuri yanafananaje? Watu wengi siku hizi hupokea ankara kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160. Mtindo unaofahamika unakwenda hivi: «Ndugu mteja, ankara yako ya mwezi Julai ni TZS 38,000. Lipa mapema kuepuka usumbufu wa kusitishiwa huduma.» Una heshima, una kiasi, una kitisho. Hauna habari hata moja ambayo mama anaihitaji ili ajue kama anadaiwa kihalali. Mimi ningetuma jumbe mbili. Wa kwanza: «Mita yako HAIKUSOMWA Julai: geti lilifungwa. Tumekadiria uniti 24. Usomaji wa mwisho wa kweli ni 469, tarehe 30/4. Ankara: TZS 38,000.» Wa pili: «Soma namba nyeusi za mita leo, tuma picha kabla ya 10/8. Ikiwa chini ya 533, ankara za Mei-Julai zitafutwa na kuandikwa upya. Hutakatiwa maji.»

Angalia mpangilio. Neno la kwanza lenye uzito ni kwamba mita haikusomwa, kwa sababu hilo ndilo mama asilolijua na ndilo linalobadilisha kila kitu kinachofuata. Sababu imetajwa, na sababu hiyo ni ya nyumbani kwake. Hakuna haja ya ofisi kujitwisha lawama isiyo yake. Kisha kuna usomaji wa mwisho wa kweli na tarehe yake, maana bila namba hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kukagua lolote. Kisha kuna kitu cha kufanya leo, kwa macho yake mwenyewe. Kwenye mita nyingi za majumbani namba nyeusi ndizo uniti, na zile nyekundu ni vipande vya uniti. Watu wengi huzisoma zote pamoja kama namba moja na kupata kiwewe. Maneno mawili, «namba nyeusi», yanaondoa safari nzima ya kwenda ofisini.

Na ile 533 ndiyo kiini. Mama hahitaji kujua wastani wala ngazi za bei ili ajue kama amekadiriwa kupita kiasi. Mita haiendi nyuma. Ikiwa leo, siku kadhaa baada ya ankara, uso wa mita bado unaonyesha namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye ankara, basi ankara hiyo imetoza maji ambayo bado hayajapita kwenye bomba. Hakuna hoja ya kubishana hapo. Ni kipimo ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kukifanya, na ninashangaa kwamba hakiandikwi juu ya kila ankara nchini.

Dirishani nako kubadilike. Ofisa anayemhudumia mama aanze na swali moja kwenye skrini yake: usomaji huu ni wa kweli au ni kisio? Kama mfumo wake hauonyeshi tofauti hiyo, basi tatizo si la mama na si la ofisa, ni la aliyenunua mfumo. Akishajua ni kisio, asitamke neno «uvujaji», asitamke «mita haidanganyi». Aseme: «Mama, hatukuisoma mita yako tangu Aprili. Namba hizi tatu tulizikisia, na tulizikisia kwa kutumia mwezi ambao boya lako liliharibika. Inasomeka ngapi leo?» Ni sentensi chache. Huwezi kuzisema, hata hivyo, bila kugundua kwamba kanuni yenyewe ni mbovu, na pengine hiyo ndiyo sababu hazisemwi. Ofisi ikilazimika kumweleza mteja kwa Kiswahili cha kawaida kwamba makadirio ya Julai yametokana na makadirio ya Juni ambayo yametokana na makadirio ya Mei, itaona haya, na itarekebisha. Ingetosha kutumia usomaji wa kweli peke yake, na kuchukua namba ya katikati badala ya wastani. Kati ya 12, 13 na 32, namba ya katikati ni 13. Boya bovu lingekaa pembeni na nyumba ingekadiriwa 13, 13, 13. Ukweli ulikuwa 12.

Nimewasikia watetezi wa mamlaka, na baadhi yao ni wahandisi ninaowaheshimu. Wanasema mageti yamefungwa, mbwa ni wakali, wengine hufukia mita kwa makusudi, na bila makadirio mamlaka haitakuwa na fedha za kulipia umeme wa pampu. Yote ni kweli. Mwanza ni jiji la vilima. Maji ya ziwa hayapandi mawe kwa hiari, yanasukumwa. Sijasema makadirio yafutwe. Nimesema yatajwe kwa jina lake. Wanasema pia kwamba mteja atatuma picha ya uongo. Atume. Ikiwa ametaja namba ndogo kuliko ukweli, uniti alizozificha zinabaki ndani ya mita, zikimngoja siku msoma mita atakapofika. Uongo wa aina hiyo hauna faida zaidi ya kuahirisha deni, na msoma mita akifika mara moja tu kwa robo mwaka unaisha.

Jibu jingine linalotolewa siku hizi ni mita za malipo ya kabla. Tusome mita kwa nini, wanauliza, wakati tunaweza kuuza maji kama tunavyouza umeme wa LUKU? Nazikubali mita hizo kwa sehemu: zinaondoa makadirio. Haziondoi wajibu wa kueleza. Tukumbuke Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapangaji wengi waligundua kwamba wanakatwa kodi ya nyumba isiyo yao kwa kuona tu kwamba uniti zimepungua. Mita ilikuwa ya kisasa. Maelezo yalikuwa yaleyale ya zamani. Na hata kwenye mita za maji za kisasa lipo suala la hewa: panapokuwa na mgao, bomba tupu hujaa hewa, na maji yanaporudi huisukuma hewa hiyo kupitia kwenye mita, nayo mita nyingi huizungukia kana kwamba ni maji. Wakazi wa maeneo ya juu wanaijua sauti hiyo ya kukoroma bombani alfajiri. Atakayewaeleza kiasi gani cha ankara yao ni upepo bado hajazaliwa.

Jirani zetu wameshaonja gharama ya ukimya. Mapema mwaka 2018, wakili Apollo Mboya aliifikisha Kenya Power mahakamani kuhusu bili za umeme zilizobeba madai ya miezi ya nyuma, wakati hasira za wateja zilikuwa zimeshafurika mtandaoni. Shirika lilikuwa na sababu zake za kiuhasibu. Lakini sababu zilizoelezwa baada ya wakili kubisha hodi hazisikiki tena kama sababu, zinasikika kama visingizio.

Kwa aliye Nyakato leo na ana ankara asiyoielewa, njia ipo. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, na yawe ya maandishi, yenye picha ya uso wa mita na tarehe. Uliza mambo matatu: usomaji wa mwisho wa kweli ulikuwa namba gani na tarehe gani; ni miezi ipi iliyotumika kukadiria, na ipi kati yake nayo ilikuwa makadirio; na marekebisho yatafanywa kwa kufuta ankara au kwa kungoja mita ifikie. Hilo la tatu usiliache, maana ndiko ziliko zile 14,500. Usiporidhika, EWURA hupokea malalamiko ya maji kama inavyopokea ya umeme na mafuta, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza. Baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, lipo kumsaidia mlalamikaji asiyejua pa kuanzia.

EWURA nayo ina la kufanya ambalo halihitaji sheria mpya wala mkopo wa benki. Ndiyo inayoidhinisha bei za maji tunazotozwa. Mamlaka inapopeleka maombi ya bei mpya, iulizwe pia: ankara ngapi za mwaka uliopita zilikuwa za makadirio, ngapi kati yake zilikadiriwa juu ya makadirio mengine, na zilirekebishwa kwa njia ipi. Mamlaka isiyoweza kujibu swali hilo haijui ni maji kiasi gani imeuza, na bado inaomba kuyapandisha bei.